Kusokota Nyuzi Mbili Pamoja kwa Pia Hadi Uzi Utulie

Ukimtazama kwa makini mama anayesokota uzi wa katani wa kiondo kwenye paja lake, utaona kwamba mkono wake unasafiri mara mbili. Kwanza huviringisha mafungu mawili ya katani, yakiwa yameachana kidogo, kwa kusukuma kiganja kuelekea gotini. Kisha huyakutanisha na kuurudisha mkono kuelekea nyongani, na hapo mafungu yale mawili hushikana na kuwa uzi mmoja usiofumuka. Safari ya kwanza hutia msokoto, na safari ya pili huyafunga mafungu pamoja kwa upande wa kinyume, ikipunguza sehemu ya msokoto uliotiwa kwanza. Kusokota nyuzi mbili za sufu kwa pia ni kazi hiyohiyo, ila hapa safari mbili za mkono zimeachana kwa siku kadhaa, na msokotaji ndiye anayepaswa kujua safari ya pili iwe ndefu kiasi gani.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari anaweza kuning'iniza pia, yaani kile kijiti chenye kisahani na kulabu, na kutoa uzi usiokatika kila mara. Uzi uliosokotwa mara moja tu nitauita uzi mbichi, na nyuzi mbili mbichi zilizosokotwa pamoja nitaziita uzi pacha. Mfano nitakaoufuata ni wa gramu 50 za sufu ya kondoo wa Koridale, aina inayofugwa katika nyanda za juu za Kenya, nilizozisokota kwa ajili ya kofia ya mtoto. Sufu hiyo niliigawa kwenye mizani ya jikoni kuwa mafungu mawili ya gramu 25, na kila fungu lilinipa takriban mita 125 za uzi mbichi. Nasisitiza mizani, kwa sababu jicho hudanganyika sana kwa kitu chepesi kama sufu, na tofauti ya gramu tatu ni mita 15 za uzi zitakazobaki bila mwenzake.

Uzi uliotulia ni upi

Uzi mbichi uliotoka kwenye pia una nguvu iliyofungwa ndani yake. Ukiulegeza, hujikunja na kufanya vifundo kama mkia wa kinyonga, kwa kuwa kila unyoya wa sufu unataka kurudi ulikokuwa. Ukiufuma ukiwa hivyo, kitambaa hupinda: mraba uliokusudia huwa kama ukurasa uliosukumwa upande mmoja, na hakuna pasi itakayounyoosha kwa kudumu.

Dawa ni kuzichukua nyuzi mbili za namna hiyo na kuzisokota pamoja kwa upande wa kinyume. Ikiwa uzi mbichi ulisokotwa kwa kuizungusha pia kufuata mishale ya saa, ukiitazama kutoka juu, basi manyoya yake yameinama kama mstari wa katikati wa herufi Z. Uzi pacha husokotwa kinyume cha mishale ya saa, nao huinama kama katikati ya herufi S. Kila mzunguko wa S unaoutia hufungua sehemu ya Z iliyomo ndani, na inapofika mahali ambapo nguvu ya kujifungua ya nyuzi mbili na nguvu ya kujifungua ya pacha zinalingana, uzi hautaki tena kwenda upande wowote. Huo ndio uzi uliotulia.

Kwa kawaida mahali hapo hufikiwa pale msokoto wa pacha unapokuwa kati ya nusu na theluthi mbili ya msokoto wa uzi mbichi. Uzi wangu mbichi ulikuwa na mizunguko kama 20 katika sentimita 10, na pacha wake akatulia kwenye mizunguko 13. Hata hivyo, sikushauri uanze kwa hesabu hiyo, kwa sababu mizunguko ya uzi mbichi ni migumu kuhesabika kwa macho, na ipo njia ya kuuliza uzi wenyewe.

Kipimo kinachokatwa siku ya kusokota

Siku unaposokota uzi mbichi, pia ikiwa bado imening'inia na msokoto ukiwa hai, vuta kipande cha kama sentimita 40, kikunje katikati na ukiache kijisokote chenyewe bila kukilazimisha. Kile kinachotokea mbele ya macho yako ndicho pacha aliyetulia: uzi umechagua wenyewe kiasi cha mizunguko unachohitaji. Kikate, funga ncha zake, kisha kifunge kwenye kipande cha kadi ili kisifumuke. Kata vipimo vitatu au vinne, mwanzoni, katikati na mwishoni mwa kazi, kwa maana hakuna mkono unaosokota kwa usawa uleule tangu asubuhi hadi jioni.

Sababu ya kukata siku hiyohiyo ni kwamba msokoto hulala. Uzi mbichi ukikaa kwenye kijiti siku tatu au wiki moja, manyoya huzoea mkao wao mpya na nguvu yake huonekana kupungua. Kulala huko kunasaidia, kwa kuwa uzi uliolala haukunjikikunjiki wakati wa kuushughulikia, nami huuacha angalau usiku mmoja. Lakini msokoto haujaondoka. Ukipima kwa uzi uliolala utaona pacha mlegevu, utasokota kwa kadiri hiyo, kisha siku ya kuosha maji yatauamsha msokoto wa ndani na uzi wako utajikunja kama haukuwahi kusokotwa pamoja. Ikiwa ulisahau kukata kipimo mapema, lowesha kipande cha uzi mbichi kwa maji ya uvuguvugu, subiri dakika moja, ndipo ukikunje.

Sasa hesabu vinundu kwenye kadi yako. Uzi pacha ukiutazama upande mmoja unaonekana kama msururu wa nundu ndogo, na kila mzunguko mmoja kamili huonyesha nundu mbili, moja ya kila uzi. Kipimo changu kilikuwa na nundu 13 katika sentimita 5. Nikaiandika namba hiyo kwenye kadi, na ndiyo iliyoniongoza hadi mwisho.

Donge moja la nyuzi mbili

Wapo wanaosokota moja kwa moja kutoka kwenye pia mbili zilizolazwa ndani ya boksi la viatu. Inawezekana, lakini pia moja hujiachia haraka na nyingine hugoma, na mtu hujikuta anapambana na boksi badala ya kuuangalia uzi. Mimi huzikusanya kwanza nyuzi zote mbili kwenye donge moja, na ninaamini kwamba saa moja inayotumika hapo ndiyo inayoamua ubora wa uzi pacha kuliko hatua nyingine yoyote ya mikono.

Chukua kitu cha mviringo kisichoteleza, kama mpira mdogo au kitambaa kilichokunjwa kikawa kama yai. Shika ncha za nyuzi mbili pamoja, zipitishe kati ya vidole vya mkono mmoja, kila uzi katika nafasi yake, na uanze kuzizungushia kwenye kiini hicho ukigeuza donge mara kwa mara. Nyuzi zilazwe sambamba, zikiwa zimekazwa kwa kiasi kilekile. Usizisokote pamoja hapa. Zinatembea tu bega kwa bega. Vidole vikihisi kwamba uzi mmoja umelegea, simama, urudishe na uukaze, kwa sababu ulegevu unaoingia kwenye donge hautoki tena, na utauona baadaye kwenye uzi pacha ukiwa uvimbe.

Uzi mmoja utaisha kabla ya mwenzake hata kama mizani haikukosea. Kwangu mmoja uliisha ukiacha kama mita 6 za mwingine. Badala ya kuzitupa, nilipima nusu ya kipande kile, nikakata, na nusu iliyokatwa nikaiunganisha kwenye ncha ya uzi ulioisha, nikapata mita 3 zaidi za nyuzi mbili. Usihofu kwamba huenda kipande kimegeuzwa mwisho kuwa mwanzo. Msokoto wa Z ni wa Z ukiushika kwa ncha yoyote. Kwa kuunga, fumua sentimita 5 za kila ncha mpaka manyoya yaachane, yalaze pamoja, yaloweshe kidogo na uyaviringishe kati ya viganja mpaka yashikane.

Kusokota pamoja

Pia ya kazi hii iwe nzito kidogo kuliko ile ya uzi mbichi. Mimi hutumia ya gramu 25 kwa uzi mbichi na ya gramu 45 kwa uzi pacha, kwani nyuzi mbili hubeba uzito bila kukatika na pia nzito huzunguka kwa muda mrefu zaidi. Kumbuka pia kwamba uzi unaojazana kwenye kijiti nao una uzito: mwishoni mwa gramu 50, pia yangu ya gramu 45 inakaribia gramu 95, na hiyo inatosha kabisa. Vigae vya mviringo vyenye tundu vilivyofukuliwa katika miji ya kale ya pwani ya Kilwa na Shanga ni visahani vya namna hii, na wasokota pamba wa pwani waliokuwa wakivichonga kutoka kwenye vyungu vilivyovunjika bila shaka walilijua suala hili la uzito vizuri.

Weka donge ndani ya bakuli sakafuni, nyuma kidogo ya mguu wako. Funga ncha mbili pamoja kwenye kijiti, zipandishe hadi kwenye kulabu, kisha izungushe pia kinyume cha mishale ya saa. Mkono wa juu ndio wenye kazi kubwa: uzi mmoja upite upande huu wa kidole cha shahada na mwingine upande wa pili, ili nyuzi zifike mahali pa kukutania zikiwa zimeachana na zimekazwa sawasawa. Zikikutana kwa pembe inayolingana, mithili ya herufi V iliyosimama wima, zitakumbatiana sawa. Pembe ikilalia upande mmoja, uzi ulionyooka zaidi utakuwa nguzo na mwenzake atauzunguka kama mtambaazi kwenye mti, na uzi huo hautulii hata ukiuosha mara kumi.

Acha pia ishuke mpaka urefu wa pacha ufike kama mita moja. Hapo usikimbilie kuukunja kijitini. Simamisha pia, ushike uzi ulionyooka mbele ya kadi yako, na uhesabu nundu katika sentimita 5. Mwanzoni nilipata nundu 9, nikaizungusha pia tena, na nilipofika 13 mkono wangu ukaanza kuujua mguso wake: uzi unakuwa wa mviringo chini ya kidole gumba, si bapa kama utepe, lakini bado unaminyika. Baada ya mita tatu au nne nilikuwa najua kwamba mita moja inahitaji kuipiga pia mara tatu kwa nguvu ileile, nikaendelea kwa idadi hiyo na kuhakiki kwa kadi kila baada ya mita 10 hivi. Kujua idadi ya mapigo kuna faida nyingine, kwamba hutaongeza msokoto bila kukusudia pale mtu anapokusemesha.

Kunja uzi kwenye kijiti ukiwa umekazwa, ukijaza kwanza karibu na kisahani na kupanda polepole kwa umbo la pegi. Pia iliyojazwa upande mmoja huyumba, na ikiyumba hupoteza mizunguko, nawe utaona pacha anazidi kulegea kuelekea mwisho wa kazi bila kujua sababu.

Uzi mmoja ukikatika katikati ya kazi, zuia msokoto kwa kubana pacha kwa vidole mahali ulipokatika, fumua pacha nyuma kama sentimita 8, laza ncha iliyokatika sambamba na ncha mpya, na uache uzi wa pili uzikumbatie zote. Usifunge fundo. Fundo halilali ndani ya pacha. Hutokeza upande wa mbele wa kofia, tena mahali panapoonekana zaidi.

Kulisoma shada kabla ya maji

Kazi ikiisha, uzi utolewe kwenye kijiti kwa kuuzungusha kwenye migongo ya viti viwili au mikononi mwa mtu mvumilivu, ukawa pete kubwa ya nyuzi iitwayo shada. Mzunguko wa viti vyangu ni sentimita 150, na nilipata mizunguko 79, yaani takriban mita 118. Mita 7 zilizopungua kutoka zile 125 hazikupotea. Uzi unaopinda kumzunguka mwenzake lazima ufupike. Kabla ya kulitoa shada, lifunge sehemu nne kwa uzi wa pamba, ukipitisha uzi huo kwa umbo la 8 katikati ya nyuzi, na uache nafasi ya kidole kimoja. Ukikaza, maji hayatapita vizuri na sehemu hizo zitabaki na makovu.

Sasa liache lining'inie kwenye vidole vyako. Likining'inia wazi kama pete ndefu, au likajipinda nusu mzunguko tu, uko salama. Likijipinda zaidi ya hapo, tazama mwelekeo wake. Shada linalojikunja kwa mwinamo wa Z linasema kwamba pacha amezidishiwa msokoto. Linalojikunja kwa mwinamo wa S linasema kwamba msokoto wa pacha haukutosha, na Z ya ndani bado inatawala. Wengi hulikariri jambo hili kinyume, kwa hiyo inafaa kukumbuka kwamba uzi hujikunja daima kuelekea upande usio wa msokoto uliozidi.

Hata hivyo, hukumu ya hapa si ya mwisho. Nyuzi zako mbichi zilikuwa zimelala na msokoto wa pacha ni mpya, basi ni kawaida shada kujipinda kidogo kwa mwinamo wa Z kabla ya kuoshwa. Shada langu lilijipinda mara moja na nusu kwa Z, na kwa kuwa nundu zilikuwa zimelingana na kadi, niliiamini kadi. Usingoje maji yakusahihishie ikiwa limejipinda kwa S, au ikiwa limejipinda kwa Z mara tano na uzi wenyewe ni mgumu kama waya. Hapo rudisha uzi kwenye donge na uupitishe kwenye pia tena, ukizungusha kinyume cha mishale ya saa ili kuongeza, au kufuata mishale ili kupunguza. Ni kazi ya jioni nzima, lakini kofia iliyopinda haina tiba.

Maji, mtikiso na kivuli

Kuosha ndiko kunakoutuliza msokoto. Unyoya wa sufu ukilowa maji ya moto, vifungo vidogo vinavyoushikilia katika umbo lake hulegea, msokoto ulioko huru hutembea kutoka mahali ulipozidi kwenda ulipopungua, na unyoya unapokauka vifungo hivyo hushika upya katika mkao mpya. Maji hayaondoi msokoto wala hayaongezi. Yanausawazisha tu ule uliouweka wewe.

Tia maji kwenye beseni yakiwa na joto la kama nyuzi 45 hadi 50, yaani yale ambayo mkono unavumilia kwa shida, na uchanganye tone la sabuni ya maji ya vyombo. Zima bomba kwanza, ndipo ulizamishe shada polepole kwa kulikandamiza, kwa maana mkondo wa maji ya moto ukiipiga sufu, manyoya yake hushikana na kuwa kama blanketi. Usilisugue wala kulikoroga. Liache dakika 20, linyanyue kwa mikono miwili, na ulihamishie kwenye maji safi ya joto lilelile. Mabadiliko ya ghafla kutoka moto kwenda baridi ni hatari kuliko moto wenyewe. Nimeharibu shada zima kwa kulitoa kwenye beseni la moto na kuliweka chini ya bomba la nje asubuhi ya baridi. Lilitoka likiwa fupi kwa robo, na nyuzi zake hazikuachana tena.

Likamue kwa kulibana ndani ya taulo, bila kulinyonga. Kisha tia mikono yako miwili ndani ya pete ya shada na uivute kwa ghafla ikanyooka, ligeuze robo mzunguko, na uvute tena, mara sita hadi nane. Mtikiso huo huyapanga manyoya na kuufukuza msokoto uliokwama sehemu moja. Utaona kwa macho nyuzi zikilala sambamba, na uzi unaanza kujaa.

Lianike kivulini, juu ya fimbo laini, likiwa huru. Wapo wanaolitundikia chupa ya maji chini ili likauke likiwa limenyooka. Kwa uzi wa kufumia nguo nakataa jambo hilo kabisa, kwani uzito huficha kasoro: uzi hukauka ukiwa umevutwa, huonekana umetulia, kisha nguo ikioshwa kwa mara ya kwanza hurudi kwenye urefu wake na kupinda. Ukianika bila uzito, shada litakuambia ukweli likikauka, wakati bado unaweza kulirudisha kwenye pia.

Shada langu lilikauka kwa siku mbili. Mzunguko wake ulishuka kutoka sentimita 150 hadi 142, kwa hiyo mita 118 zikawa 112, na ni urefu huu wa pili ndio wa kuandika kwenye lebo na kununulia sindano. Lile pindo la mwinamo wa Z halikuwepo tena. Pete ilining'inia wazi. Nilifuma mraba wa mishono 24 kwa sindano za milimita 4, nikaulowesha na kuukausha bila kuupigia pasi, nikauweka juu ya kona ya daftari, na kingo zake mbili zikalala sawasawa na kingo za karatasi. Jioni hiyo nilianza kofia.